Kurenda Cycles kwa kadi dhaifu: tafuta chenga zinatoka wapi kabla ya kugusa sampuli

Kwa wanaoanza Blender na kurenda kwa Cycles, injini yake ya kutoa picha, wenye GPU, yani kadi ya picha, yenye memori ndogo, zile za GB 4 na ndugu zake, naona wengi mnafanya kitu kilekile. Picha ikitoka na chengachenga, zile nukta nukta kama mchanga, unakimbilia Max Samples, idadi ya sampuli yani miale inayorushwa kwa kila pikseli, unapandisha, bado zipo, unapandisha tena, mwisho laptopu inalia usiku kucha na asubuhi kona ya chumba bado ina mchanga. Shida ni hesabu yenyewe, kwa sababu kwenye Cycles ukitaka chenga zipungue nusu lazima sampuli ziwe mara 4, yani kutoka 128 unaenda 512, ukitaka nusu ya hapo tena ni 2048. Kadi kubwa inaweza kuvumilia huo mchezo, yako haiwezi. Kwahiyo kazi yetu inaanzia kwenye sini, yani chumba chenyewe na taa na vitu vyake, na hizo namba za sampuli tunazigusa mwishoni.

Kwanza lakini hakikisha kadi inafanya kazi kweli maana unaweza ukawa unarenda na CPU bila kujua. Nenda Edit, Preferences, System, pale kwenye Cycles Render Devices chagua CUDA au OptiX kama una NVIDIA, HIP kama ni AMD, oneAPI kama ni Intel Arc, weka tiki kwenye jina la kadi, alafu kwenye Render Properties badili Device iwe GPU Compute. NVIDIA ya RTX we chukua OptiX tu moja kwa moja. Ni sehemu mbili tofauti hizo na watu wengi wanaweka moja wanasahau nyingine.

Sasa tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho: sebule, dirisha moja lenye kioo, nje kuna Sun na picha ya anga ya HDRI inayotoa mwanga kwenye World, ndani kuna sofa, zulia, na taa ya mezani yenye kifuniko cha kioo. Ni sini ya kawaida kabisa na ndo inayotesa watu, kwa sababu mwanga wote wa nje unapita kwenye kitundu kimoja.

Usirende picha nzima kila ukibadili kitu. Ukiwa kwenye kamera bonyeza Ctrl+B, chora kiboksi pale palipo pabaya zaidi, kwa hii sebule ni kivuli chini ya sofa pamoja na kipande cha zulia. Zima Denoise, ile inayofuta chenga picha ikishatoka, zima na Noise Threshold kwa muda, weka Max Samples 128 na uiache hapohapo kwa majaribio yote. Hii ni muhimu, sampuli zikibaki zilezile kila chenga inayopungua unajua imepunguzwa na badiliko lako, na muda unausoma juu ya dirisha la renda. Ukimaliza kiboksi unakifuta na Ctrl+Alt+B.

Mtuhumiwa wa kwanza ni kioo cha dirisha, na hapa nakaa kidogo maana ndo penye faida kubwa. Cycles inafanya kazi kwa kurusha miale kutoka kwenye kamera, mwale ukigonga zulia inauliza je kutoka hapa naliona jua? Kama njiani kuna kitu chenye Glass BSDF, au Principled yenye Transmission 1, jibu ni hapana, kioo kimeziba, kwa sababu mwanga unaopinda kwenye kioo hauwezi kuulizwa moja kwa moja namna hiyo. Kinachobaki ni bahati: mwale udunde kwenye zulia, uende wenyewe mpaka dirishani, upite kioo alafu uangukie kwenye duara dogo la jua. Mara chache sana inatokea, na ikitokea pikseli hiyo inawaka nyeupe kama cheche huku majirani zake ni giza. Hizo cheche unazoziona zimetapakaa ndo hizo. Ushahidi ni rahisi, ficha kioo kwenye renda kisha rudia kiboksi chako, ukiona zulia limepata mwanga wa jua safi na cheche zimekufa basi umempata.

Kama kamera hailioni dirisha, acha hivyohivyo bila kioo, hakuna atakayejua. Kama linaonekana, ingia kwenye Shader Editor ya matirio ya kioo, weka Mix Shader, tundu la juu liingize Glass BSDF, la chini Transparent BSDF, alafu nodi ya Light Path chukua Is Shadow Ray uipeleke kwenye Fac. Maana yake kamera inaona kioo kama kawaida, lakini miale ya kuulizia mwanga inapita kama vile hakuna kitu. Kwa mwanga wa anga nao upite vizuri chukua pia Is Diffuse Ray, unganisha zote mbili kwenye nodi ya Math iliyowekwa Maximum, jibu lake ndo liende kwenye Fac. Mchezo huu ni kwa vioo bapa vya madirisha, usiufanye kwenye glasi ya maji mezani halafu ushangae kivuli chake kimepotea.

Taa ya mezani ina ugonjwa uleule. Balbu ndogo yenye Emission imefungiwa ndani ya kioo, mwanga wake unatoka kwa bahati. Mi huwa naiacha balbu ionekane tu lakini mwanga hafifu, alafu naweka Point light ndani, na kile kifuniko cha kioo nakizimia kivuli: Object Properties, Visibility, Ray Visibility, toa tiki kwenye Shadow. Ongeza na Radius ya hiyo Point kidogo kivuli kiwe laini.

Baada ya hapo jua limekaa sawa, kinachobaki ni mwanga wa HDRI unaoingia dirishani. Weka Area light yenye ukubwa wa dirisha, iwe palepale kwenye uwazi ikitazama ndani, kisha kwenye setingi zake washa Portal. Yenyewe haitoi mwanga wowote, inaiambia Cycles tu kwamba anga ipo upande huu, usipoteze miale kwenye kuta. Inasaidia mwanga wa World peke yake, Sun haihusiki. Kila sampuli itachukua muda zaidi kidogo, ndo maana unalinganisha kwenye kiboksi, kama chenga hazijapungua kwa maana itoe.

Ukishafanya hayo ndo uje kwenye Light Paths. Caustics zote mbili, Reflective na Refractive, toa tiki kama huhitaji zile nuru zinazochezacheza chini ya glasi. Angalia kitu hapa: ukizitoa kabla hujatengeneza kioo cha dirisha chumba kinakuwa giza, na watu wanadhani wameharibu taa. Clamping inakata mwanga uliozidi ukali, Indirect Light yake inakuja na 10, ishushe 4 au 5 kama bado kuna cheche mojamoja, ila ukishuka sana mng'ao wa mwanga unaodunda unafifia na chumba kinapooza, kwahiyo usiende 1 kisa umeona mtu kafanya. Direct Light iache 0.

Midundo, ile Max Bounces, Total inakuja 12. Kwa sebule hii 8 inatosha na Diffuse 3 au 4, ukishusha Diffuse sana kona zinakuwa nyeusi. Kwenye Transmission tumia akili, chupa tupu peke yake mwale unakata nyuso 4 kuipita, ukiweka 3 chupa inatoka na weusi wa ajabu. Transparent nayo ikiwa ndogo majani ya mmea yaliyotengenezwa kwa picha yenye alfa yanaanza kuwa na mabaka meusi. Faida ya muda hapa ipo lakini sio kubwa kama watu wanavyoipigia debe.

Haya sasa sampuli. Rudisha Noise Threshold, hiyo inapima pikseli moja moja, iliyotulia inaachwa, iliyobaki na chenga inaendelea kupigwa, kwahiyo ukuta unaopigwa na jua unaisha mapema na nguvu inaenda chini ya sofa. Blender inakuja na 0.01 na Max Samples 4096, hizo ni za mtu asiye na haraka. Kwa kuwa tutawasha Denoise, anza na 0.05 na Max Samples 512. Kutoka 0.01 kwenda 0.02 tu ni takriban robo ya kazi, hesabu ileile ya mwanzo lakini safari hii inakusaidia wewe.

Denoise tumia OpenImageDenoise, Passes iwe Albedo and Normal, Prefilter Accurate, na kuanzia Blender 4.1 inaweza kutumia GPU yenyewe kwahiyo haichelewi. Renda kiboksi, zuum mpaka 100%, angalia zulia. Nyuzi zikionekana kama rangi ya maji iliyopakwa kwa kidole, au kwenye kona za dari kuna mabaka mabaka ya mwanga, maana yake umeipa data chache inabuni. Shusha threshold iwe 0.03, rudia. Ikikataa 0.02. Zulia likikaa sawa simama hapo, ukuta hauna haja ya zaidi. Kama ni animesheni kuwa mkali zaidi, mabaka ambayo kwenye picha moja huyaoni yanatetemeka fremu kwa fremu, renda fremu kama 5 zinazofuatana uzicheze kabla hujaachia zote.

Kitu cha mwisho kinachoua kadi ndogo ni memori, na hii haihusiani na chenga ila inaweza kufuta faida yote. Tekscha moja ya 4096 kwa 4096 yenye chaneli 4 za biti 8 inakula MB 64, matirio moja ikiwa na tekscha 4 ni MB 256, sofa na zulia na meza na sakafu tayari umefika GB 1 kabla ya jiometri. Ikijaa utaona "System is out of GPU memory", au haikatai ila inaazima RAM ya kawaida na renda inaanza kutambaa ghafla, hiyo ya pili ndo mbaya maana haina ujumbe. Washa Simplify, kwenye sehemu ya Render weka Texture Limit 2048, ile MB 64 inakuwa 16, na kwa picha ya 1920 kwa 1080 vitu vilivyo mbali hutaona tofauti. Persistent Data inaharakisha animesheni kwa kutopakia sini upya kila fremu lakini inashikilia memori, kwahiyo iwashe baada ya kuangalia Mem na Peak pale juu ya renda, kama umebakiza kiduchu iache.