Mhazini mpya, usiweke ahadi za harambee kwenye mapato

*"Habari wanajukwaa. Nimechaguliwa mhazini wa kamati ya ujenzi wa zahanati kijijini kwetu, Nachingwea. Jumamosi natakiwa kuwasilisha kwa barua taarifa ya harambee tuliyofanya. Barua inaanzaje, nakala inaenda kwa nani, na jedwali la mapato na matumizi linapangwaje? Mapato yetu pamoja na ahadi ni 6,300,000. Mwenye mfano anisaidie."*

Mkuu, hiyo 6,300,000 ifute leo leo. Usisubiri Jumamosi.

Mimi nilikuwa mhazini wa kamati ya kupaua boma la darasa huku Tandahimba, na jumla kama hiyo yako nimewahi kuiandika kwa mkono wangu. Tulifanya harambee mwezi wa nane, wakati mifuko ya watu imekauka na mikorosho ndiyo kwanza inatoa maua. Mwezi huo mtu wa kusini hana hela, ana matumaini. Spika inalia, akina mama wanapiga vigelegele, mgeni rasmi anataja jina lako, basi unajikuta umeahidi kilo mia za korosho ambazo bado hazijadondoka mtini.

Jioni tulikuwa na taslimu 1,240,000, na kwa simu zikaingia 385,000. Fedha halisi ni hizo tu, jumla 1,625,000. Lakini kwenye daftari la mshereheshaji kulikuwa na ahadi za fedha 1,900,000 na korosho kilo 600. Sasa hapo ndipo akaja mzee mmoja mstaafu, aliyewahi kukaa kwenye chumba cha uhasibu cha ofisi fulani mjini. Akaniambia, kwa sauti ile ya mtu mwenye kalamu mbili mfukoni: "Kijana, ahadi ni deni, na deni unalodai ni mali. Ingiza yote." Kilo 600 tukazipigia 2,000 kila moja, bei aliyoiotea yeye kivulini, tukapata 1,200,000. Jumla ya mapato ikawa 4,725,000. Tukatoa matumizi 1,480,000, nikaandika "Salio: 3,245,000" na kupiga mstari chini mara mbili. Mstari ulinyooka kweli kweli, hilo siwezi kujinyima.

Yule mzee namdai maelezo mpaka leo. Ni kweli kampuni huandika kwenye vitabu vyake fedha inazodai, lakini kampuni imeshatoa mzigo na inayo ankara ya kumpeleka mteja mbele ya sheria. Wewe utampeleka nani kwa ahadi iliyotolewa kwenye kipaza sauti, muziki ukipigwa? Kamati ya kijiji haidai mtu, inamkumbusha tu. Hilo hakunieleza. Na siku kikao kilipochafuka alikuwa na safari ya ghafla.

Maana kilichotokea ni hiki. Kamati ilisoma "salio" ikaelewa salio, na nani angeilaumu? Ikapitisha muhtasari, mwenyekiti akaupeleka duka la vifaa vya ujenzi, akachukua bati na misumari kwa mkopo wa 2,900,000, akijua fedha zipo. Wakati huo mimi nilikuwa na 145,000 tu, ukijumlisha benki, simu na mkononi.

Minada ilipoanza mwezi wa kumi tukaingia kukusanya. Na korosho hazilipwi pale zinapopimwa. Mkulima anapeleka mzigo AMCOS, mzigo unaenda ghala kuu, unasubiri mnada, halafu malipo yanakuja yakiwa yamekatwa ushuru na gharama nyingine. Kwa hiyo hata bei ya mnada unayoisikia redioni siyo inayofika mkononi. Nyingine zilikuwa daraja la pili. Katika kilo 600 tulipata kilo 310, na baada ya makato zikaleta 520,000. Ahadi za fedha zilileta 640,000. Yaani ahadi nilizoziandika kuwa ni 3,100,000 zilizaa 1,160,000. Mwenye duka akaja kijijini na pikipiki yake kudai, na mkutano mzima ukanigeukia: salio la milioni tatu liko wapi? Mke wangu akawa anaulizwa bombani kama tumenunua kiwanja Mtwara mjini. Mwizi gani huyo anaenda shamba na baiskeli isiyo na breki? Lakini nani atasikiliza, wakati karatasi ina sahihi yangu? Bati ambazo hazijapigwa zikarudishwa dukani, deni lililobaki likamalizwa msimu uliofuata.

Kwa hiyo ndani ya jedwali weka fedha iliyopokelewa na kukatiwa risiti, basi. Jedwali langu lingetakiwa kuwa hivi:

| Maelezo | Sh. |
|---|---|
| Taslimu siku ya harambee | 1,240,000 |
| Michango kwa simu | 385,000 |
| Jumla iliyopokelewa | 1,625,000 |
| Turubai, viti, spika na chakula | 650,000 |
| Mbao za kenchi na usafiri wake | 830,000 |
| Jumla ya matumizi | 1,480,000 |
| Salio | 145,000 |
| Zilipo: benki 96,000, simu 31,000, mkononi 18,000 | 145,000 |

Mstari wa mwisho ndio mlinzi wako. Ukishindwa kuonyesha salio limekaa wapi, shilingi kwa shilingi, siku uliyoandika tarehe ya barua, ujue kuna kitu umekiingiza ambacho hakipo. Mjumbe yeyote aweze kuuliza "nionyeshe", nawe ukafungua taarifa ya benki, ujumbe wa simu na kisanduku palepale.

Gharama za shughuli zitenge na za ujenzi kama nilivyofanya hapo. Watu wataguna wakiona 650,000 imeliwa na turubai na pilau, waache wagune. Mama lishe asiye na risiti mwandikie hati ya malipo, asaini au aweke dole gumba.

Ahadi hazitupwi. Ziandike chini ya jedwali, nje kabisa, kwa kichwa hiki: "Ahadi ambazo hazijapokelewa (si sehemu ya salio)". Fedha ibaki fedha, korosho zibaki kilo, saruji ibaki mifuko. Usizipigie bei. Kilo zikishauzwa na hela ikaingia, ndipo unaiandika kwenye mapato ya taarifa inayofuata, na kwenye orodha ya ahadi unapunguza kilo zilizotolewa.

Na ndani ya barua yenyewe, kabla ya jedwali, weka sentensi hii bila aibu: "Fedha ambazo kamati inaweza kuzitumia hadi tarehe ya barua hii ni Sh. 145,000 tu." Neno "tu" usilisahau. Mwenyekiti akienda dukani na karatasi hiyo, hata muuza misumari ataelewa.

Mambo ya "YAH:" na "Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu" wengine watakuwekea, humu wamejaa makarani. Wewe nitajie kwanza: kwenye hiyo 6,300,000, iliyokatiwa risiti ni ngapi? Na hao walioahidi, wangapi wamekuahidi korosho?