Gunia moja la mahindi, skripti tano za dakika moja

Tuseme una makala ya redio ya dakika 12 kuhusu kuhifadhi mahindi yasiliwe na wadudu wala kuingia sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu, na sasa unataka video tano za dakika moja moja. Wengi huikata makala kama muwa: kukausha, kupima, kufunga, kutunza, kuuza. Matokeo yake si skripti tano, ni moja iliyovunjika. Mtu akikutana na kipande cha tatu kwanza, na kwenye simu ndivyo inavyokuwa, anasikia "baada ya hapo funga mfuko" na hajui ni baada ya nini.

Usigawe kwa hatua, gawa kwa maswali. Fikiria watu watano wanaolitazama gunia lilelile. Aliyevuna juzi anauliza: nitajuaje kama yamekauka? Mwenye ghala aliyekuta unga chini ya gunia anataka kujua dumuzi, mdudu anayetoboa punje, anauawaje bila dawa. Anayeshangaa bei ya mfuko usiopitisha hewa anauliza kama hela yake itarudi. Anayepika anauliza kama ukungu unaisha ukichemshwa. Wa tano alinunua mfuko, mahindi yakaharibika vilevile, naye anauliza alikosea wapi. Kila swali lina mwenyewe, na huyo mwenyewe ndiye anayekupa picha ya kwanza na neno la kwanza.

Kwa kusoma bila haraka, dakika moja ya Kiswahili hubeba maneno 110 hadi 120. Ukifuata kipimo cha maneno 150 kinachotumika kwa Kiingereza utapitiliza, kwa sababu neno kama "hayajakaushwa" peke yake ni silabi sita. Kipimo cha kweli ni kusoma kwa sauti ukiwa na saa mkononi.

Tuitazame skripti ya kwanza. Inaanza na mkono unaotikisa chupa, na sauti inasema: "Kuyang'ata mahindi hakukwambii kila kitu. Chumvi itakwambia zaidi." Kisha kazi yenyewe: chupa ya kioo iliyokauka kabisa, mahindi hadi theluthi yake, vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu. Tikisa dakika moja, acha itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Isipoganda, uko chini ya hapo. Waandishi wengi huharibu hapa kwa kumalizia "sasa hifadhi", ilhali kiwango salama cha kuhifadhi ni asilimia 13.5 na chupa haiwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Kwa hiyo mstari wa mwisho uwe: "Hata isipoganda, ongeza siku moja ya jua."

Asilimia 13.5 inakaa katika skripti hiyo tu. Ukiirudia katika zote tano, kila moja inapoteza sekunde kumi kueleza unyevu na zote zinaanza kufanana. Kwingine sema "mahindi makavu" na uendelee. Skripti ya dumuzi (Watanzania wengi humwita Skania) inahitaji jambo moja tu: ndani ya mfuko uliofungwa vizuri wadudu wanapumua hadi oksijeni inapungua, kisha wanakufa. Ya mwenye kosa inahitaji jingine: kila ukifungua mfuko kuchota debe, umewarudishia hewa.

Skripti ya mpishi ndiyo ngumu. Jibu lake ni fupi: kuchemsha hakuondoi sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Takwimu hiyo ina uzito mno, na ukiilegezea kamba itakula dakika nzima. Ipe sentensi moja, halafu rudi haraka jikoni: punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi zichambuliwe kabla ya kusaga, na zisipewe kuku wala ng'ombe. Ongeza kwamba punje safi kwa macho nayo yaweza kuwa na sumu, la sivyo utakuwa umempa mtu usalama usiokuwepo.

Ya bei usiiandike ofisini. Inataka namba mbili za soko la watazamaji wako: bei ya gunia wiki ya mavuno na bei ya miezi sita baadaye. Toa bei ya mfuko, soma kinachobaki. Bei ya mkoa mwingine itakuletea ubishi kwenye maoni.

Zikikamilika, hamisha sentensi ya kwanza ya kila skripti uiweke mwanzoni mwa skripti nyingine. Ikikaa bila kukwaruza, hizo mbili zina engo moja, na mojawapo iandikwe upya. Kisha tazama mistari ya mwisho. Zote zikiishia "nunua mfuko", umeandika matangazo matano. Wa kwanza aende juani, wa pili akague mshono wa mfuko, wa tatu apige hesabu, wa nne achambue punje, wa tano agawe mahindi ya kula na ya kuweka katika mifuko tofauti.