Ukiwa C meja, jaribu kuazima Fm kabla hujarudi C

Wapiga kinanda wengi ninaokutana nao kwenye kwaya, kodi za C, Am, F, G wanazipiga hata usingizini, ila wakitaka wimbo uwe na uchungu kidogo wanakimbilia Am. Jamani Am haileti noti ngeni hata moja, zake zote ziko ndani ya C meja. Noti ngeni utazipata kwenye kodi za kuazima, nazo zinatoka C maina, yaani skeli inayoanzia C ileile lakini E, A na B zimeshushwa nusu toni, na humo ndo utakuta Fm, A flati, B flati na E flati.

Mi nakushauri uanze na Fm peke yake. Tafuta sehemu wimbo unatoka F kurudi C, hiyo F igawe, biti mbili piga F, biti mbili Fm, halafu ndo C. Mkono wa kulia shika C-F-A, kisha C-F-A flati, kisha C-E-G. C ya chini haitoki kabisa, unachosikia ni A inashuka nusu toni kwenda A flati, inashuka nusu nyingine inatua G, na utamu wote uko hapo. Ndo maana mkono usirukeruke, ukipiga Fm huko juu halafu C huku chini ule mshuko haueleweki tena, inabaki kodi ngeni tu.

Sasa angalia waimbaji, maana hapa ndo panapoharibikaga. Kwa solfa, melodi ikiwa do au fa wakati wa Fm uko salama, ikiwa re ni raha zaidi coz unapata Fm6, ila ikiwa la achana nayo, la ya muimbaji na A flati yako zitagongana na kila mtu atasikia. Na usiangalie soprano tu. Soprano anaweza kuwa ametulia kwenye do, kumbe alto yuko la chini yake kama alivyozoea kwenye F. Mwite alto pembeni umwimbishe polepole la, la iliyoshushwa, so, akishaishika kwaya inapendeza kuliko kinanda kikiipiga peke yake. Mpiga gitaa naye mwambie mapema, asije akabaki F meja wewe uko Fm. Besi abaki kwenye noti ya F tu.

Ikishakaa unaweza kuweka B flati baada ya Fm, halafu C, inafaa sana mwisho wa wimbo. Ila ukianza kumwaga E flati na Cm kila mstari, sikio linahamia C maina na ile Fm haishtui tena, mi naiweka mara moja kwenye ubeti, mstari wa mwisho. Ki zingine hesabu ni ileile, kodi ya nne igeuze maina: kwenye G ni C kisha Cm, kwenye D ni G kisha Gm.