Tasnifu ya kujifunza kidijitali: tafuta data kabla ya mada

"Wakuu, nipo mwaka wa mwisho ualimu. Naombeni mada kumi za tasnifu kuhusu kujifunza kidijitali, na sura ya kwanza inaanzaje? Nimeipenda hii: Athari za simu janja kwenye ufaulu wa wanafunzi wa sekondari."

Iache hiyo kabla hujalipia uchapaji. Simu ni marufuku kwa wanafunzi shuleni. Utagawa hojaji kidato cha tatu, mwalimu wa nidhamu kasimama mlangoni, swali la kwanza "Unatumia simu saa ngapi kwa siku?" Hata yule ambaye inamtetemekea mfukoni atatia tiki "sina". Karatasi mia za "sina" utazichambuaje?

Halafu hiyo "athari". Ili useme simu imeshusha ufaulu, unahitaji makundi mawili yanayofanana, jaribio kabla, jaribio baada, na wiki kadhaa za kufundisha katikati. Hojaji ya "nakubali sana, sikubaliani" inapima maoni basi. Siku ya utetezi utaulizwa athari umezipimaje, na jamaa wa steshenari aliyekuuzia pendekezo lililokwisha andikwa hatakuwepo. Wale kazi yao ni kubadilisha jina la wilaya, na hilo nalo wanalisahau: Kinondoni inaibukia katikati ya tasnifu ya Songea!

Data kwanza, mada baadaye. Kwa shule ya serikali, barua inatoka chuoni, inapanda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndipo imfikie mkuu wa shule. Ikimkuta kafunga likizo ya Juni, umekwisha.

Chuo chako kama kinatumia Moodle, ule mfumo wa kuweka masomo mtandaoni, chukua "Namna wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanavyopata notisi za somo fulani". Mwombe mhadhiri kwa maandishi, kwa sababu yeye ndiye anayeona `Reports` kisha `Logs`. Apakue faili, afute majina, aweke namba. Utapata nani kafungua nini, tarehe na saa.

Mtego uko hapa: logi inahesabu mibofyo, haijui nani kasoma. Mmoja akipakua PDF anairusha kundi la WhatsApp la darasa, na waliobaki hawaonekani popote. Ukikuta watu 9 kati ya 80 wamefungua notisi, na kazi ya nyumbani wameifanya karibu wote, usikimbilie kuandika "wanafunzi hawasomi". Fanya usaili na watu wanane ambao logi haiwaonyeshi, waulize notisi waliipata wapi na lini. Sura ya nne itatoka humo.

Nyingine za aina hiyo: chukua video 30 za Biolojia za YouTube uone ngapi zina maandishi yanayomfaa mwanafunzi kiziwi. Au angalia michoro ya vitabu vya Maktaba Mtandao ya TET inavyosomeka kwenye kioo cha simu. Au walimu tarajali wenzako wanavyoandaa somo kwa simu wakati wa BTP, yale mazoezi ya kufundisha. Hao angalau watakiri kuwa na simu.

Ndiyo, ni nne, najua umeomba kumi. Taja somo lako la kufundishia na mhadhiri gani anaweza kukutolea logi, tuone ipi inawezekana.