Maswali ya pete ya benzini: nani anaenda otho, nani anaenda meta

Naomba list ya makundi ya otho/para na ya meta nikariri, mtihani wiki ijayo.

Sitoi. Hili swali linarudi kila wiki na kila wiki nasema chora kabokationi, maana anayekariri list anakwama akifika tu kwenye klorini.

Klorini inapunguza kasi lakini bado inaelekeza otho na para, inakuwaje?

Haya, hili ndo swali. Chukua klorobenzini, kaboni yenye klorini iite namba 1, halafu leta NO₂⁺. Ikishika kaboni ya 4 (para), chaji chanya inazunguka kwenye kaboni 3, 5 na 1. Ikishika ya 2 (otho), ni zilezile 1, 3 na 5. Ikishika ya 3 (meta), chaji inakaa 2, 4 na 6, yaani haigusi kabisa kaboni ya klorini. Sasa chaji ikifika kwenye namba 1, klorini inaikopesha jozi yake ya elektroni na unapata mchoro wa nne wa rezonansi, meta haina huo. Ila muda wote klorini inavuta elektroni za pete kupitia bondi ya sigma, kwahiyo nafasi zote zinapoa, ni vile otho na para zinaumia kidogo kuliko meta. Naitresheni yake inaenda kama mara 30 taratibu kuliko benzini yenyewe, na unapata para karibu 70%, otho 30, meta kama 1 hivi. Kasi na mwelekeo ni maswali mawili, msiyachanganye jamani.

Friedel-Crafts kwenye nitrobenzini inakubali?

Haikubali, pete imenyang'anywa elektroni mno, ndo maana watu wanaitumia kama kiyeyushi cha reaksheni hiyohiyo.

Nilifanya naitresheni ya anilini, NH₂ si inaelekeza otho/para? Mbona nimepata meta karibu nusu na uchafu mweusi?

Kwa sababu uliimwaga kwenye asidi kali. NH₂ ikiokota protoni inakuwa NH₃⁺, haina tena jozi ya kukopesha, imebaki kuvuta tu, kwahiyo meta inapanda. Ule weusi ni anilini iliyounguzwa na asidi ya naitriki. Kabla hujaangalia kundi lililochorwa kitabuni jiulize ndani ya chupa liko na sura gani. Anza na anhidridi ya asetiki upate asetanilidi, fanya naitresheni kwenye barafu, utapata para kwa wingi, halafu chemsha na asidi kuondoa asetili. Na usijaribu kuiruka hiyo hatua ukienda Friedel-Crafts, AlCl₃ nayo inaikamata naitrojeni vilevile.