Kiziwi wa miaka 9: je, lugha imeshampita?

*Mtoto wa dada yangu ni kiziwi wa kuzaliwa, ana miaka 9. Amelelewa na bibi yake Pangani kwa ishara za nyumbani tu. Sasa nimemleta kwangu Makorora aanze shule ya lugha ya alama. Jirani aliyesomea ualimu ananiambia lugha ya kwanza ikikosekana utotoni haipatikani tena. Ni kweli? – Mama mdogo, Tanga*

Dada, jirani yako hakubuni, ila ametia chumvi. Mwaka 1967 mtafiti wa lugha Eric Lenneberg alidai kuwa lugha ya kwanza hupatikana kati ya miaka 2 na kubalehe. Wengi humtetea kwa kisa cha Genie, binti wa Marekani aliyeokolewa mwaka 1970 akiwa na miaka 13, baada ya kufungiwa chumbani karibu utoto wote. Maneno aliyapata, sarufi ikamshinda. Mimi kisa hicho sikitegemei: mtoto aliyepigwa na kuachwa na njaa, utajuaje kilichomwangusha ni umri?

Viziwi wanatufundisha zaidi, kwa kuwa wengi walilelewa kwa mapenzi, wakakosa lugha tu. Mtafiti Elissa Newport aliwapima watu wazima waliotumia lugha ya alama ya Marekani kwa miaka 30 na zaidi. Baadhi waliianza tangu kuzaliwa, wengine wakiwa na miaka 4 hadi 6, wengine baada ya 12. Mpangilio wa maneno wote waliuweza. Tofauti ilikuwa ndani ya vitenzi. Ni kama mtu aseme “mama pika samaki” sawasawa, lakini katika “alinipikia” viambishi vimponyoke, leo apatie, kesho akosee. Waliochelewa zaidi walikosea zaidi, na wa miaka 4 hadi 6 walikuwa katikati. Kwa hiyo uwezo hushuka kidogo kidogo. Hakuna siku mlango unapofungwa kwa kishindo, na hapo ndipo Lenneberg anapopingwa.

Mtafiti mwingine, Rachel Mayberry, akaongeza jambo lililo zito kwako. Alilinganisha watu walioanza alama wakiwa wakubwa: wengine walizaliwa viziwi bila lugha kamili, wengine walipoteza usikivu baada ya kuwa tayari wanasema Kiingereza. Hawa wa pili waliwashinda wale wa kwanza waziwazi, ingawa umri wa kuanza ulikaribiana. Maana yake ni kwamba kinachoumiza hasa ni kukaa bila lugha yoyote, na lugha iliyowahi kupatikana huisaidia ijayo.

Mwanao ameanza kwa kuchelewa, na huenda vitenzi vimsumbue hata ukubwani. Lakini ishara za bibi si bure: watoto kama yeye huzipanga kwa utaratibu wao wenyewe. Ukitaka kujua anavyoendelea, usihesabu idadi ya alama anazojua. Muulize nani kampa nani embe. Katika lugha nyingi za alama, mkono wa “kupa” hutoka kwa mtoaji kwenda kwa mpokeaji. Tazama kama anaugeuza mwelekeo watu wakibadilika. Asipougeuza, mwambie mwalimu wake, kisha nanyi nyumbani jifunzeni alama, maana saa za darasani pekee hazimtoshi.