Picha yako, jina lake: maswali yenu kuhusu wanaokopi bila kutaja mwenyewe

"Nimepiga picha ya ngalawa Bagamoyo alfajiri, leo naiona kwenye peji ya kuuza safari, jina langu limekatwa. Niende komenti au inboksi?"

Inboksi dada, ila kabla hujaandika hata habari yako, kusanya ushahidi kwanza, maana ukishamshtua anafuta na unabaki na maneno matupu. Piga skrinshoti inayoonyesha jina la akaunti, picha, kapsheni na tarehe vyote kwa pamoja, kopi linki ya posti yenyewe, halafu piga na skrinshoti ya profaili yake kwa sababu jina la akaunti linabadilishwa muda wowote. Kama kaiweka istori fanya hivyo sasa hivi, masaa 24 yakipita huioni tena.

Halafu tafuta faili la mwanzo kwenye kamera au simu. Mimi yalinikuta hayahaya na picha ya wavuvi, na kilichonisaidia ni ndoo ya bluu. Kwenye faili langu ndoo inaonekana nzima kona ya kushoto, kwenye peji yao umebaki mshikio tu kwa sababu walikata upande ule ili jina langu liondoke. Nikawatumia picha nzima pamoja na ile niliyopiga kabla yake na ile iliyofuata, ngalawa ileile imesogea kidogo. Aliyekopi anaweza kupunguza picha ila hizo mbili za jirani hana, atazitoa wapi? Hapo ubishi uliisha.

Sasa meseji. Amua kwanza unataka nini, jina liwekwe, picha itolewe au ulipwe, maana ukiandika ukiwa hujaamua utaishia kulalamika na yeye atakuambia pole basi. Mimi niliandika hivi:

"Habari yako. Mimi ni mpiga picha, na picha ya wavuvi mliyoposti tarehe 14 Machi ni yangu. Niliiposti kwanza tarehe 2 Februari, linki hii hapa. Sikuombwa ruhusa na jina langu limekatwa. Naomba jina na akaunti yangu viwekwe mstari wa kwanza wa kapsheni kabla ya Ijumaa saa 10 jioni. Kama haiwezekani, naomba iondolewe ndani ya muda huohuo. Asante."

Angalia, hakuna neno mwizi humo na hakuna samahani kwa usumbufu. Naomba ipo mara mbili, na kwetu naomba yenye siku na saa kila mtu anaielewa. Mstari wa kwanza nimeutaja makusudi, kwa sababu wengi wanaficha jina lako chini kabisa baada ya hashitagi 20, au wanaliweka kwenye komenti ambayo kesho imezama.

"Kanijibu: mdogo wangu punguza hasira, si picha tu, tena nimekutangaza."

Usiingie kwenye hiyo ya hasira, ukianza kujitetea kwamba huna hasira yeye ameshahamisha mada. Mjibu kwa heshima ileile aliyoanza nayo, "Kaka nashukuru kwa kujibu. Kutangazwa bila jina langu hakunifikii, ombi langu ni lilelile na siku ni ileile." Basi, acha hapo, usitume meseji ya tatu usiku. Mimi hili jibu la nimekutangaza linaniuma kuliko mtu kukaa kimya, kwa sababu watu 300 wanauliza bei ya safari chini ya picha yako na hakuna hata mmoja anayejua uliamka saa 10 usiku kuwahi maji.

"Anasema kaitoa Google, na kaandika kapsheni 'haki kwa mwenye picha'."

Google inaonyesha tu picha ilipo, haigawi ruhusa. Na hayo maneno yake yanathibitisha kwamba alijua ina mwenyewe, kwahiyo pigia skrinshoti kabla hajabadilisha kapsheni. Umwambie mwenye picha ndio wewe, linki ya kwanza hii hapa, sasa aweke jina.

"Yangu mimi ni hadithi. Niliiandika Facebook, sasa inazunguka wasap na jina la mtu mwingine, kabadilisha na majina ya wahusika. Nitathibitishaje?"

Chukua sentensi moja ambayo hakuna mtu mwingine angeiandika hivyo, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, itakuletea waliokopi kwenye kurasa zilizo wazi. Za magrupu ya wasap hazitatokea, huko utategemea marafiki wakutumie skrinshoti. Usichague sentensi zenye majina, hayo ndio kayabadilisha. Chagua ile yenye kosa lako, kwa sababu wanaokopi hawasomi. Kuna msomaji alinitumia yake, mwanzoni mhusika kavaa kanga nyekundu na ukurasa wa pili ni ya njano, yeye mwenyewe alisahau, na kwenye ile ya kukopi Zuhura kawa Rehema lakini kanga imebadilika rangi palepale.

Weka aya zako 3 upande mmoja na zake upande wa pili, umtumie. Na posti yako ya Facebook usiifute wala usiirekebishe sasa, tarehe yake ndio shahidi wako.

Ila niseme ukweli hapa. Kama kachukua wazo tu, mfano mama wa kambo anayeficha barua, halafu kaandika kwa maneno yake, hapo huna kesi. Sheria inalinda ulivyoandika, wazo hailindi. Na usiwafukuze waliofowadi, wengi hawajui lolote. Mwandikie yule aliyeweka jina lake.

"Ijumaa imepita, na kaniblok."

Sasa ripoti kwenye mtandao wenyewe, kwenye fomu ya hakimiliki, sio ile ripoti ya kawaida ya spamu. Fomu ya Instagram na Facebook inataka linki ya posti yako, linki ya yake, na tamko kwamba wewe ndio mwenye kazi, kwahiyo rafiki yako hawezi kukujazia tu kwa huruma. Jua pia kwamba uliyemripoti anaweza kupewa jina na imeili yako, tumia imeili ya kazi. Na anaweza kupinga, ndio maana nilikwambia utunze lile faili la mwanzo.

Huhitaji kuwa umesajili kazi. Kwa Tanzania Bara Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu ulipoitengeneza, na jina lako kutajwa ni haki yako. Ukikwama nenda ofisi ya hakimiliki, Bara ni COSOTA, Zanzibar ni COSOZA, Kenya ni KECOBO. Kenya tangu marekebisho ya 2019 kuna utaratibu wa kumpa notisi anayehifadhi maudhui mtandaoni ili ayaondoe.

Kuposti hadharani iwe baada ya hapo, na uweke vitu viwili tu, posti yako na tarehe, posti yake na tarehe. Usimwite jina baya na usiwatume wafuasi wako wakamtukane, maana watakaokuja kusoma wataona matusi na hawataiona picha.

"Kaweka jina na kaomba msamaha. Nimdai na hela?"

Kama ni shabiki tu aliyependa picha, mshukuru yaishe. Kama ni biashara na imetumia picha kuuzia, mtumie bei yako ya kawaida, ileile unayomtoza mteja, na useme ni ya siku ilizokaa hewani. Yangu ya wavuvi walilipa nusu, nikakubali, jina langu lipo mstari wa kwanza mpaka leo.